Kidonge cha Mafua, Presha na Koo Linalouma

Mwenye presha akizunguka maduka matatu ya dawa huku koo linamuuma, anaweza kurudi nyumbani na majibu matatu. Muuzaji wa kwanza atamfungia vidonge vya mafua bila kumuuliza chochote. Wa pili atamwambia asiviguse, vitampeleka hospitali. Wa tatu atasema kimoja asubuhi na kimoja usiku havina neno, mradi asiache dawa yake ya presha. Akifungua karatasi iliyokunjwa ndani ya pakiti atakuta onyo la maandishi madogo kwamba mwenye shinikizo la damu amuone daktari kwanza. Onyo hilo halimwambii daktari atamjibu nini.

Mwaka 2023 mambo yalizidi kuchanganya. Mwezi Septemba, wataalamu 16 wanaoishauri Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani walipiga kura, wote kwa sauti moja, kwamba fenilefrini inayomezwa kama kidonge haizibui pua. Miezi michache baadaye, kamati ya usalama ya Shirika la Dawa la Ulaya ikasema sudoefedrini isitumiwe na mtu mwenye presha kali au presha isiyodhibitiwa, wala mwenye ugonjwa mkali wa figo. Ni dawa mbili tofauti zenye kasoro mbili tofauti: moja inatuhumiwa kutofanya kazi, nyingine kufanya kazi mpaka mahali isipotakiwa. Kwa msomaji wa haraka zote zikawa "dawa ya mafua imekatazwa".

Mjadala wote umejikita kwenye swali moja: je, vidonge hivi hupandisha presha, na kwa kiasi gani? Swali hilo lina maana, na tutalipitia. Ila liko jingine ambalo haliulizwi dukani, nalo kwa maoni yangu ndilo linaloamua: je, koo linalouma linahitaji dawa ya kuzibua pua?

Kilichomo ndani ya kidonge kimoja

Vidonge vingi vya mafua ni mchanganyiko. Kwa kawaida kuna parasetamoli kwa ajili ya homa na maumivu, dawa ya mzio kama klorofeniramini (ile ambayo wengi wetu tunaiita piritoni) kwa ajili ya kamasi na chafya, na dawa ya kuzibua pua, ambayo ni sudoefedrini au fenilefrini. Baadhi huongezewa kafeini ili kupunguza usingizi unaoletwa na piritoni. Mtengenezaji huvichanganya kwa sababu mafua huja na dalili nyingi kwa pamoja, na mnunuzi hupenda kununua kitu kimoja.

Faida ya mchanganyiko ni wepesi na bei. Hasara yake ni kwamba mtu anayeumwa koo tu hulazimika kumeza na vile asivyovihitaji. Kwa kijana mwenye afya njema hilo si jambo kubwa. Kwa mwenye presha, kile asichokihitaji ndicho chenye hatari.

Kuitambua dawa ya kuzibua pua si kazi ngumu. Majina yake hayafanani kwa matamshi, lakini katika maandishi ya pakiti yote yana herufi tatu zinazofuatana, e, p na h, katikati ya neno au mwanzoni mwake. Ndivyo ilivyo kwa sudoefedrini, fenilefrini na hata efedrini, ambayo bado hupatikana katika baadhi ya dawa za kikohozi. Kwa dawa za mzio, herufi D pekee mwishoni mwa jina la biashara mara nyingi huashiria kwamba imeongezwa dawa ya kuzibua pua.

Presha inapandaje?

Pua ikiziba wakati wa mafua tunadhani imejaa kamasi. Kamasi imo, lakini kinachoziba zaidi ni ngozi laini ya ndani ya pua, ambayo imevimba kwa sababu mishipa yake midogo ya damu imetanuka na kujaa. Dawa za kuzibua pua huifanya mishipa hiyo isinyae, uvimbe ushuke na hewa ipite.

Kidonge kikimezwa huingia kwenye damu na kuzunguka mwili mzima, kwa hiyo mishipa ya mikono, miguu na figo nayo husinyaa. Ukibana mpira wa kumwagilia bustani huku bomba likiwa wazi, maji hutoka kwa nguvu zaidi. Moyo unaosukuma damu kwenye mishipa iliyobanwa hukutana na hali hiyohiyo. Sudoefedrini huongeza na jambo la pili: huchochea ncha za neva kumwaga noradrenalini, kemikali ya mwili inayoongeza pia kasi ya moyo. Ndiyo maana baadhi ya watu huhisi moyo ukidunda na hukosa usingizi baada ya kuimeza.

Sudoefedrini hutoka mwilini hasa kwa njia ya mkojo, sehemu kubwa ikiwa haijabadilika. Figo zikiwa dhaifu, dawa hukaa muda mrefu zaidi na kujilimbikiza kadiri dozi zinavyofuatana. Hili ndilo lililowafanya Waulaya waweke figo kwenye sentensi moja na presha. Na kwa kuwa presha ya miaka mingi huharibu figo kimyakimya, mara nyingi makundi hayo mawili ni watu walewale.

Wanaosema usiguse kabisa

Msimamo wa kwanza ni wa tahadhari kamili, na una historia nyuma yake. Hadi mwaka 2000 dawa nyingi za mafua duniani zilikuwa na fenilpropanolamini, ndugu wa karibu wa sudoefedrini, ambayo ilitumika pia katika vidonge vya kupunguza hamu ya kula. Mwaka huo uchunguzi ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Yale ulionyesha kwamba ilihusiana na kiharusi cha kuvuja damu kwenye ubongo, hasa kwa wanawake vijana walioitumia kupunguza uzito. Mamlaka ya Marekani ikawataka watengenezaji waiondoe. Dawa iliyokuwa imeuzwa kwa miongo mingi bila cheti cha daktari ilitoweka madukani.

Onyo la Ulaya la mwaka 2023 linafuata mkondo huo. Kamati ilipitia taarifa za wagonjwa wachache waliopata matatizo ya mishipa ya ubongo baada ya kutumia sudoefedrini: mishipa kubana ghafla, au ubongo kuvimba. Dalili zake ni kichwa kuuma ghafla kwa ukali usio wa kawaida, kutapika, kuchanganyikiwa, degedege, na macho kuona vibaya. Ni tukio la nadra mno, lakini likitokea halisubiri.

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba unaeleweka na unatekelezeka. Muuzaji wa Duka la Dawa Muhimu kijijini hana muda wala mafunzo ya kupima hali ya kila mgonjwa, na neno "usitumie" halihitaji tafsiri. Udhaifu wake ni kwamba unawaweka pamoja watu wasiofanana: mwenye presha iliyotulia kwa miaka mitano na mwenye 190 kwa 115 asiyetumia dawa. Tena mtu akiambiwa "hatari" bila kuambiwa atumie nini badala yake, siku ya tatu ya maumivu ataenda duka jingine na hataitaja presha yake.

Wanaosema ongezeko ni dogo

Upande wa pili una takwimu. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walijumlisha matokeo ya majaribio 24 ya sudoefedrini, yenye watu zaidi ya 1,200. Kwa wastani presha ya juu iliongezeka kwa karibu milimita 1 ya zebaki, na mapigo ya moyo kwa karibu 3 kwa dakika. Kwa waliokuwa na presha iliyodhibitiwa, ongezeko lilikuwa milimita 1.2 hivi. Ukipanda ngazi za ghorofa moja presha yako hubadilika kuliko hivyo. Kwa msingi huo, wapo madaktari wanaosema mgonjwa ambaye presha yake imetulia anaweza kutumia dawa hii kwa siku chache. Mwongozo wa presha uliotolewa mwaka 2017 na vyama vya madaktari wa moyo wa Marekani unaelekea huko, ingawa kwa uangalifu: itumike kwa muda mfupi iwezekanavyo, isitumike kabisa kwa presha kali au isiyodhibitiwa, na mbadala ufikiriwe kwanza.

Takwimu hizo ni za kweli, lakini zinahitaji kusomwa polepole. Wastani wa milimita 1 haumaanishi kila mtu alipanda kwa milimita 1. Wengine hawakubadilika, wengine walipanda zaidi, na watafiti wenyewe waliona kwamba dozi kubwa na vidonge vinavyotoa dawa yote kwa mara moja vilileta ongezeko kubwa zaidi. Wagonjwa wa presha waliokubaliwa kwenye majaribio hayo walikuwa wametulizwa kwa dawa na walifuatiliwa. Wenye presha iliyopanda sana hawakuingizwa, kwa sababu zilezile zinazotufanya tuwaonee wasiwasi.

Hapo ndipo msimamo huu unapoyumba katika mazingira yetu. Kauli ya "ni salama kama presha imedhibitiwa" inategemea mtu ajue presha yake. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye shinikizo la damu hawajui kama wanalo. Wanaojua nao, wengi hupima pale tu wanapokwenda kliniki kuchukua dawa. Mtu aliyepimwa mara ya mwisho kabla ya Ramadhani, akaishiwa vidonge wiki mbili na bado akajihesabu "nimedhibitiwa", hayumo katika kundi lililopimwa na majaribio yale. Kwa mtu mwenye mashine nyumbani hoja ni nyingine. Akae ametulia dakika tano, apime mara mbili, na kama usomaji uko chini ya 140 kwa 90 siku baada ya siku, basi takwimu za mwaka 2005 zinamzungumzia yeye.

Fenilefrini: mbadala ambao haukuwa mbadala

Kuna jibu la tatu ambalo wauzaji hulitoa kwa nia njema: "Chukua hii nyingine, haina sudoefedrini." Ndani yake kuna fenilefrini. Ilikujaje kushika nafasi hiyo? Sababu haikuwa presha. Sudoefedrini inaweza kugeuzwa kuwa methamfetamini, dawa ya kulevya, na mwaka 2006 Marekani ilipitisha sheria ya kuihamishia nyuma ya kaunta, mnunuzi aonyeshe kitambulisho. Watengenezaji wengi wakabadilisha mapishi wakaweka fenilefrini ili vidonge vyao vibaki kwenye rafu za wazi. Mapishi hayo yakaenea katika masoko mengi.

Shida ni kwamba fenilefrini ikimezwa, sehemu kubwa huvunjwavunjwa kwenye utumbo na ini kabla ya kuingia kwenye damu ikiwa na nguvu zake. Dozi ya kawaida ya miligramu 10 ilipolinganishwa na kidonge kisicho na dawa, pua hazikuonyesha tofauti. Ndiyo kura ile ya watu 16, na Novemba 2024 mamlaka ya Marekani ikapendekeza rasmi iondolewe kwenye orodha ya dawa za kumeza zinazouzwa bila cheti. Pendekezo hilo lilihusu kutofanya kazi, si usalama, na halikugusa dawa ya kupulizia puani.

Kwa mwenye presha maana yake ni ya kuchekesha kidogo. Kidonge cha fenilefrini huenda kisimpandishie presha sana, kwa sababu ileile inayokifanya kisimzibue pua. Akiongeza dozi ili kisaidie, hatari ndiyo inayoanza kuingia. Hakuna kiwango ambacho tungesema faida imezidi, kwa hiyo sioni hoja ya kukinunua.

Koo halina cha kuzibuliwa

Turudi kwenye swali la mwanzo. Koo linauma wakati wa mafua kwa sababu virusi vimeingia kwenye ngozi yake, na mwili unapopigana navyo hutoa kemikali zinazoamsha neva za maumivu. Dawa ya kuzibua pua haiui virusi, haipunguzi kemikali hizo, na haigusi neva hizo. Inachofanya ni kusinyaza mishipa. Kwa maumivu ya koo haina kazi.

Wapo watakaosema pua iliyoziba humfanya mtu apumue kwa mdomo usiku kucha, aamke koo limekauka. Ni kweli, na kamasi inayoteremka nyuma ya koo pia huwasha. Lakini njia hiyo ni ndefu, na ina kikwazo: piritoni iliyomo kwenye kidonge hichohicho hukausha mate na kamasi. Wengi humeza kidonge cha mafua usiku na kuamka koo likiwa kavu kuliko walivyolala nalo. Kama pua ndiyo chanzo, kuosha pua kwa maji ya chumvi hufika palepale bila kupitia kwenye damu: chemsha maji, yaache yapoe, weka nusu kijiko cha chai cha chumvi kisichojaa katika kikombe kimoja, kisha tumia bomba safi la sindano lisilo na sindano au chupa ndogo ya kubonyeza. Matone ya puani ya oksimetazolini au ksilometazolini huingia kwenye damu kidogo kuliko kidonge, lakini ni ya familia ileile, na yakizidi siku tatu hadi tano pua huzoea na kuziba upya kila yanapoisha nguvu. Mwenye presha iliyopanda ayaache.

Kwa hiyo mizani ya mwenye presha anayeumwa koo si kati ya hatari ndogo na hatari kubwa. Upande mmoja kuna hatari, ndogo au kubwa kulingana na mtu, na upande wa pili hakuna kitu.

Hesabu ya mwanamke mmoja wa kufikirika

Tuchukue mfano wa kutunga, ila ulioundwa kwa mambo ya kila siku. Mama wa miaka 58 anatumia amlodipini miligramu 10 na losatani miligramu 50. Jumatatu presha yake ilisoma 136 kwa 84. Jumanne anaamka koo linauma, pua imeziba kidogo, mwili umechoka. Dukani anapewa vidonge vya mafua, kila kimoja na parasetamoli miligramu 500, sudoefedrini 30 na klorofeniramini 2, ameze viwili mara tatu. Kwa kuwa amelalamika mwili kuuma anaongezewa diklofenaki miligramu 50 mara tatu. Jioni mwanawe anamletea parasetamoli ya kuyeyusha kwenye maji, ile inayotoa povu. Anakunywa vidonge viwili, na kesho yake asubuhi viwili tena.

Sudoefedrini yake kwa siku ni miligramu 180. Haizidi kikomo cha kawaida cha 240, na kwa wastani wa watafiti ingempandishia kidogo. Diklofenaki ndiyo inayotisha zaidi. Dawa za kundi lake, ibuprofeni ikiwemo, hufanya figo zishikilie chumvi na maji, na hudhoofisha dawa za presha zinazofanya kazi kupitia figo, kama losatani. Amlodipini huathiriwa kidogo. Yaani nusu ya matibabu yake imepunguzwa nguvu bila yeye kuacha kidonge hata kimoja.

Kisha ile parasetamoli yenye povu. Povu hutokana na chumvi za sodiamu, na kidonge kimoja cha miligramu 500 huwa na karibu miligramu 400 za sodiamu. Vidonge vinne ndani ya saa 24 ni gramu 1.6, sawa na gramu 4 hivi za chumvi, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku kwa chakula chote. Na parasetamoli yenyewe sasa imefika gramu 3 kutoka vidonge vya mafua na gramu 2 kutoka vya povu. Jumla ni 5, wakati kikomo cha mtu mzima ni 4. Hapo suala si presha tena, ni ini.

Ijumaa mashine ikisoma 158 kwa 96, familia italaumu "kidonge cha mafua". Wamekosea nusu. Sudoefedrini ilichangia, lakini diklofenaki na chumvi ya povu huenda zilichangia zaidi, na hakuna aliyezishuku kwa sababu moja ni "ya maumivu tu" na nyingine ni "Panadol ya maji". Nadhani hapa ndipo maonyo rasmi yanapotuangusha: yanakitaja kidonge kimoja, wakati mgonjwa anameza vitatu.

Nafuu ya koo isiyogusa presha

Mama yule angefanyaje? Kwa maumivu, parasetamoli ya kawaida isiyo ya povu, vidonge viwili vya miligramu 500, hadi mara tatu kwa siku, bila kuchanganya na kitu kingine chenye parasetamoli. Hata hiyo si malaika. Jaribio lililofanyika Edinburgh na kutangazwa mwaka 2022 liliwapa wagonjwa wa presha gramu 4 kila siku kwa wiki mbili, na presha ya juu ikapanda kwa karibu milimita 5. Kwa siku mbili au tatu za koo hesabu ni tofauti. Kwa anayeimeza kila siku kwa sababu ya magoti, aijadili na daktari wake.

Kusukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi moja hupunguza uvimbe na kulainisha makohozi kwa muda. Wenye presha wengi hukukwepa kwa kuogopa chumvi. Hofu hiyo haina msingi maadamu maji yanatemwa; kinachobaki mdomoni ni kidogo kuliko kilichomo kwenye kipande cha mkate. Rudia kila baada ya saa tatu nne.

Asali ina ushahidi wa kutosha kwamba hutuliza kikohozi na muwasho wa koo, na haina ubaya kwa presha. Kijiko kimoja kwenye maji ya ndimu na tangawizi kinatosha. Aliye na kisukari pamoja na presha, na hao ni wengi, aihesabu kama sukari. Kujifukiza nyungu kunafungua pua kwa muda na kunamfariji mtu, lakini ushahidi wake ni hafifu, na maji ya moto yakimwagika chini ya blanketi huunguza vibaya. Bafu lenye mvuke lina faida ileile.

Vidonge vya kumung'unya ni chaguo zuri, kwa sababu hata pipi ya kawaida huongeza mate, na mate hulilainisha koo. Vile vyenye dawa ya kufisha ganzi kidogo, kama benzokaini, huongeza nafuu ya dakika kadhaa. Kuna mitego miwili. Baadhi vina fluabiprofeni, ambayo ni ya kundi la ibuprofeni. Dozi yake, miligramu 8.75, ni ndogo, lakini mwenye ugonjwa wa figo au anayetumia dawa ya kukojoza aulize kwanza. Mtego wa pili ni urukususu, ule mzizi mtamu unaotumika katika pipi na chai za koo, nyingine zikiuzwa kama dawa za asili. Urukususu wa kweli hufanya mwili ushikilie chumvi na kupoteza potasiamu, na ukitumiwa kila siku hupandisha presha waziwazi. Neno "asili" kwenye pakiti halimlindi mtu.

Koo linalodai zaidi ya nafuu

Koo la virusi hupoa lenyewe ndani ya wiki moja hivi. Likiuma sana pamoja na homa, tezi za shingo zimevimba, mafindofindo yana usaha na hakuna kikohozi wala mafua, huenda ni bakteria wa streptokoka, na hapo penisilini ina kazi. Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee kwa watoto na vijana, kwani koo la namna hiyo lisipotibiwa linaweza kuzaa homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo. Mtu mzima asiyeweza kumeza mate, au anayepumua kwa kukoroma, aende hospitali siku hiyohiyo. Aliyekwisha kumeza dawa ya mafua akapata kichwa cha ghafla, kifua kubana, macho kuwa na ukungu au upande mmoja kulegea, asisubiri kupima mara ya tatu.

Lipo koo jingine ambalo halihusiani na mafua hata kidogo. Enalaprili, kaptoprili na lisinoprili, dawa za presha zinazotumika sana katika kliniki zetu, huwaletea baadhi ya watumiaji, pengine mmoja kati ya kumi, kikohozi kikavu na mkwaruzo wa koo usiokoma. Hakuna homa wala kamasi. Kinaweza kuanza wiki chache baada ya dawa, au hata miezi kadhaa, ndiyo maana mgonjwa haunganishi mambo hayo mawili. Huenda dukani mara kwa mara kununua vidonge vya mafua, na vidonge hivyo vinasukuma juu presha ambayo enalaprili inajaribu kuishusha. Dawa za kundi la losatani hazina tabia hiyo, na daktari anaweza kumbadilishia, asiache mwenyewe. Ila midomo, ulimi au uso ukivimba ghafla kwa mtu anayetumia dawa hizo, asimeze dozi nyingine na apelekwe hospitali mara moja, kwani uvimbe huo unaweza kuziba njia ya hewa. Baada ya kubadilishiwa dawa, kikohozi huchukua kwa kawaida wiki moja hadi nne kuisha, wakati mwingine hata miezi mitatu, na katika muda huo maji, asali na pipi ya kumung'unya ndivyo vinavyofaa kuwa mfukoni.